Naomba ushauri: mayai haya kwenye kabichi ni ya mdudu gani?

Wakuu, habari zenu. Nalima kabichi na sukuma wiki huku Igombe, Mwanza. Naomba mnisaidie kusoma dalili hizi kabla sijapiga dawa.

Majani ya nje yana vidirisha: nyama ya chini imeliwa, ngozi ya juu imebaki nyeupe. Kiwavi wake ni mdogo wa kijani, ukimgusa anajipindapinda na kuning'inia kwa uzi. Huyo sina shaka, ni wa nondo mgongo-almasi.

Kinachoniumiza kichwa ni katikati. Moyo umetobolewa, una utando na kinyesi kibichi cha kijani. Na chini ya jani kuna bapa la mayai yaliyopandana kama vigae. Mgongo-almasi hutaga moja moja au machache tu. Nondo wa wale viwavi wa majani ya pamba hufunika mayai yao kwa manyoya, na haya hayana. Ndiyo maana nashuku kiwavi wa vichwa vya kabichi.

Mnaonaje? Kama ndiye, nikiyachuma majani yenye mayai kabla hayajaanguliwa itatosha, au nipige dawa iliyotengenezwa kwa bakteria viwavi wakiwa wadogo, kabla hawajazama ndani ya kichwa?