Kichupo fiche kukataa skrinshoti: nani aamue, kivinjari au mwenye simu?

Mama Steshenari (Mbagala)
Wadau, nina duka la steshenari na najazia watu fomu za maombi kwa simu ya dukani, Android. Huwa nafungua kichupo fiche ili akaunti ya mteja mmoja isibaki ikamkuta mwingine. Juzi fomu ikatoa namba ya malipo, nikabonyeza skrinshoti, simu ikaniambia `Taking screenshots isn't allowed by the app or your organization`. Nikaandika kwa kalamu, nikakosea tarakimu moja, mteja akarudi analalamika. Je, mpangilio huu unabadilishika? Na kwa nini kivinjari kinikataze mimi kupiga picha kioo cha simu yangu mwenyewe?

Kaka Mjuaji
Haibadilishiki, dada. Huo ni ulinzi wa Android yenyewe, sawa na apu za benki. Jaribu kupiga skrinshoti ukiwa unaangalia salio, utaona kitu kilekile. Dawa yake ni kuruti simu, na ukiruti apu ya benki inaweza kugoma kabisa. Tumia simu ya pili kupiga picha, mambo yaishe.

Fundi Msimbo
Kaka umeanza vizuri, mwisho umepotoka. Ni kweli kufuli ni lilelile la apu za benki, lakini Android haimfungii mtu yeyote. Android inatoa kufuli tu, na anayeamua kulifunga ni aliyeandika apu. Ni mstari mmoja:

```
getWindow().addFlags(
    WindowManager.LayoutParams.FLAG_SECURE);
```

Benki imeuweka na haikukupa ufunguo. Watengeneza vivinjari wameuweka kwenye vichupo fiche, na baadhi yao wametoa ufunguo. Kwa hiyo mtoa mada, hakuna haja ya kuruti chochote.

Kwenye Firefox, gusa menyu, nenda `Settings`, kisha `Private browsing`, washa `Allow screenshots in private browsing`. Umemaliza.

Kwenye Chrome hutaukuta ndani ya mipangilio ya kawaida. Andika `chrome://flags` pale unapoandika anwani, tafuta `Incognito Screenshot`, badilisha `Default` iwe `Enabled`, kisha gusa `Relaunch`. Angalizo: kivinjari kitajizima na kuwaka upya, kwa hiyo usifanye hivyo wakati fomu ya mteja imejaa nusu. Na ukurasa ule ni wa vitu vya majaribio. Kilichopo leo kinaweza kuondolewa kwenye toleo lijalo bila taarifa, na ukitafuta usikione, basi toleo lako halinacho.

Dereva wa Bajaji
Mimi yangu iko tofauti. Simu niliichukua kwa mkopo, nalipa kila siku. Nayo ilinitolea maneno hayohayo, "organization". Nikajua hawa wa mkopo wananizuia wasije wakaona nimepiga picha mkataba wao. Nifanyeje?

Fundi Msimbo
Kaka, pima kwanza kabla ya kuwalaumu. Rudi kwenye kioo cha mwanzo, penye ikoni za apu tu, upige skrinshoti pale. Ikikubali, hakuna aliyekuzuia simu nzima, ni ile apu uliyokuwa ndani yake. Ikikataa hata pale, basi simu ina msimamizi aliyezima skrinshoti kote, kama simu za ofisini zinavyofanywa, na hapo ufunguo wa Chrome au Firefox hautakusaidia kitu. Ujumbe ule unataja yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana unachanganya watu.

Dereva wa Bajaji
Kioo cha mwanzo imekubali. Kumbe nilikuwa kwenye kichupo fiche nikiangalia matokeo ya mpira. Samahani kwa wa mkopo.

Bi Mwanaidi (Mombasa)
Mimi naona mnakimbilia kufungua bila kuuliza kwa nini kilifungwa. Kichupo fiche kazi yake ni kwamba ukikifunga, historia na vidakuzi vinakwenda nacho. Skrinshoti haiendi. Inabaki kwenye galari, na kama simu imeunganishwa na hifadhi ya picha mtandaoni, inapanda huko usiku ukiwa umelala.

Yamenikuta. Nilikuwa nasoma habari za maradhi fulani, sikutaka mtu ajue kabla sijaenda kwa daktari. Simu ile enzi hizo haikuzuia, nikapiga picha ya ukurasa ili nimwonyeshe daktari. Tableti ya watoto ilikuwa kwenye akaunti yangu hiyohiyo. Jioni mwanangu ananiuliza, "Mama, hii ni nini?" Nilikuwa nimefunga kichupo, nimefuta kila kitu, nikaisahau picha. Tangu siku hiyo mimi nasema kizuizi kibaki, na anayetaka kukiondoa ahangaike kidogo.

Mwana wa Ufundi
Bi Mwanaidi, pole, lakini hoja hiyo ina tundu. Nikipakua faili la PDF nikiwa kwenye kichupo fiche, kivinjari kinalipokea na kuliacha kwenye simu hata baada ya kufunga. Mbona hapo hakijali mabaki? Tena fungua kompyuta, Chrome ileile, hali fiche ileile, piga skrinshoti utakavyo. Wenye iPhone nao wanapiga kwenye vichupo vya faragha vya Safari bila kuulizwa. Ina maana faragha ya mtu wa Android ni tete kuliko ya mwenye iPhone? Mimi naona huu ni uamuzi wa mtu mmoja ofisini uliogeuka desturi.

Bi Mwanaidi
Faili la PDF nimelipakua nikijua napakua. Kidole kikigusa kitufe cha sauti na cha kuwasha kwa pamoja ni bahati mbaya tu. Wangapi humu galari zenu zimejaa skrinshoti za kioo cha saa?

Kaka Mjuaji
Hapo umenipata. Mimi ninazo kama arobaini.

Fundi Msimbo
Ngojeni, wote wawili mnabishania nusu ya jambo. FLAG_SECURE haifanyi kazi moja. Inazuia skrinshoti, inazuia apu nyingine inayorekodi kioo, ukirusha kioo kwenye televisheni ile sehemu inakuwa nyeusi, na inaficha kile kijipicha unachokiona unapobadilisha apu. Hiki cha mwisho ndicho watu wengi hawakifikirii, na kwa maoni yangu ndicho chenye maana kuliko vyote. Mtu akikuazima simu apige, akitelezesha kidole aone apu zilizo wazi, bila kufuli lile anaona ukurasa wako wa faragha umekaa pale kama picha ukutani.

Sasa shida ni kwamba ufunguo mmoja unafungua vyote kwa pamoja. Firefox wanakuandikia wazi chini ya ile swichi kwamba ukiruhusu, vichupo vya faragha vitaonekana pia apu nyingi zikiwa wazi. Ile ya Chrome nayo ni hivyohivyo. Mama Steshenari anataka namba ya malipo tu, lakini analipia kwa kuanika kijipicha.

Na si lazima iwe hivyo tena. Tangu Android 13, iliyotoka 2022, kuna amri nyingine:

```
setRecentsScreenshotEnabled(false);
```

Hii inaficha kijipicha peke yake na kumwachia mwenye simu skrinshoti yake. Kivinjari kingeweza kutoa swichi mbili, moja ya kijipicha na nyingine ya skrinshoti. Tatizo ni simu za Android 12 kushuka chini, ambazo bado zimejaa mitaani. Kule amri hii haipo, kwa hiyo ni kufuli zima au hakuna.

Mwana wa Ufundi
Basi ndiyo hoja yangu. Swichi iwe wazi kwenye mipangilio kama Firefox walivyofanya, na si kumpeleka mama wa watu kwenye ukurasa wa majaribio wenye maandishi ya kutisha. Kuna tofauti kati ya kumlinda mtu na kumfichia ufunguo wa nyumba yake.

Mlinzi wa Data
Niulize kitu. Kama swichi iko wazi, mume mwenye wivu si ataiwasha tu mke akiwa bafuni? Halafu kijipicha kinaonekana, na apu ya kurekodi kioo aliyoificha inaona kila kitu. Kizuizi ambacho yeyote mwenye simu mkononi anakiondoa kinamlinda nani?

Fundi Msimbo
Hoja nzito, na jibu langu halitakufurahisha. Mtu mwenye simu yako mkononi na nywila yako kichwani, FLAG_SECURE haikukingi naye hata ikifungwa kwa misumari. Apu ya upelelezi iliyopewa ruhusa ya huduma za ufikivu inaweza kusoma maandishi yaliyo kwenye kioo moja kwa moja, kama inavyowasomea wasioona. Haihitaji picha. Picha itakuja nyeusi, maneno yatakuja kamili. Anayehofia hilo afungue mipangilio ya simu, upande wa ufikivu, aone ni apu zipi zimewashwa pale. Akikuta asiyoijua, hiyo ndiyo ya kuhangaika nayo.

Mlinzi wa Data
Kwa hiyo unakubali kizuizi ni dhaifu, ila unataka kibaki?

Fundi Msimbo
Nataka kije kimefungwa, na kufungulika kuwe rahisi. Kinanisaidia kwa kijipicha na kwa vidole vya bahati mbaya. Zaidi ya hapo sikidai.

Bi Mwanaidi
Mimi kwenye "rahisi" ndipo tunapoachana. Na swichi ikiwashwa leo kwa ajili ya namba moja, nani atakumbuka kuizima kesho? Haijizimi. Ingekuwa ruhusa ya mara moja, kama simu inavyokuuliza kuhusu mahali ulipo, hapo tungezungumza.

Mwana wa Ufundi
Ruhusa ya mara moja! Hiyo nakubaliana nayo, Bi. Sijui kwa nini hatukuanzia hapo.

Mama Steshenari
Nimerudi. Nimeweka Firefox kwenye simu ya duka, nikawasha ile swichi, skrinshoti imekubali mara ya kwanza. Namtumia mteja namba yake WhatsApp, kisha naifuta kwenye galari na kwenye tupio la galari pia, maana nimegundua picha iliyofutwa inakaa kule.

Lakini Fundi umesema kweli. Leo mteja wa pili aliniomba simu apige hesabu kwenye kikokotoo, akatelezesha kidole, fomu ya dada aliyemtangulia ikatokea na jina lake kamili na namba ya kitambulisho. Nimeona haya. Simu ya duka ni Android 11, kwa hiyo hizo swichi mbili mnazozisema hata zikija hazinihusu. Kwa sasa nafunga vichupo vyote kabla sijampokea mteja mwingine, na kikokotoo nimenunua cha mezani.

Kaka Mjuaji
Mama, kwani si ungenakili ile namba kwa kuibonyeza kwa muda, ukaibandika WhatsApp? Kunakili maandishi hakuzuiwi na hilo kufuli.

Mama Steshenari
Kaka, na wewe hayo maneno ulikuwa wapi nayo tangu juzi? Ila ile fomu inatoa namba kama picha, nimejaribu sasa hivi, haishikiki.