Mrejesho: Ikisiri ya foleni ya kliniki ya wajawazito

Niliuliza: "Mradi wetu wa kupunguza muda wa kusubiri kliniki ni mdogo, kituo kimoja tu. Ikisiri niiandikeje isionekane ya kujisifu?"

Wapendwa, imepokelewa, ila baada ya kuandikwa upya.

Nilifuta aya nzima ya utangulizi, nikaeleza tulivyopima: karatasi ndogo ndani ya kadi ya kila mama, muda wa kufika na wa kuondoka. Hapo ndipo tuligundua foleni haikuwa kwa muuguzi bali maabara, kwenye vipimo vya wingi wa damu na mkojo. Wote walifika saa 2. Tukawagawa, wengine saa 4, na vipimo vikatangulia.

Dada mmoja hapa alinionya kuhusu wastani: mama mmoja aliyekaa mpaka alasiri anauvuruga. Nikatumia namba ya katikati, ikashuka kutoka dakika 190 hadi 115.

Niliongeza pia kwamba dakika za mama na muuguzi hazikupungua. Bila hilo wasomaji wangedhani tunawaharakisha akina mama. Na badala ya "mradi umesababisha" nikaandika "baada ya mabadiliko", maana hatukuwa na kituo cha kulinganisha.

Wanaotoka mbali bado wanafika saa 2, maana basi la abiria ni moja tu.