Testa amekataa kuidhinisha tawi langu la msimbo na meneja analitaka kesho. Nifanyeje?

Jasho_Jembamba (mwenye uzi), Alhamisi saa 3:12 usiku

Wadau, naombeni ushauri wa haraka. Mimi ni developa katika ofisi ndogo huku Ngong Road, tuko watu saba. Tunatengeneza programu ya kuagiza chakula, na kwa majuma matatu nimekuwa nikishughulikia sehemu mpya ya kulipa kwa M-Pesa. Mteja anabonyeza Lipa, ombi la STK linamtokea kwenye simu, anaingiza PIN, oda inageuka kuwa imelipwa.

Jana testa wetu alisema tukae pamoja dakika tisini tuichokoechokoe kabla sijaunganisha tawi langu na tawi kuu. Mimi nikashika simu, yeye akashika kompyuta na kuangalia logi, katikati tukabadilishana. Tulijaribu namba za 07, za 01, zinazoanza na 254, tukakataa ombi (1032 ikarudi vizuri), tukaliacha ombi jingine mpaka likafa lenyewe. Yote sawa. Leo dada huyu anakataa kuidhinisha. Anasema kipindi hakikuisha.

Meneja anataka kazi iwe ndani kesho saa nne asubuhi. Mfumo unaniruhusu kuunganisha bila idhini yake. Niunganishe?

Kiroboto254

Mfumo unakuruhusu, sawa. Hata mimi nina miguu miwili inayoniruhusu kuvuka Thika Road.

Batani_Moja

Unganisha, buda. Testa wakiachiwa hawamalizi, kila siku wana "je, ikiwa". Hivyo vikao vya watu wawili ni kupoteza saa za watu wawili. Andika majaribio yanayojiendesha, yapite, mambo yaishe.

Mzee_wa_Eastleigh

Kijana, umekuja kuuliza au umekuja kutafuta shahidi? Miaka yetu, fundi akikataliwa na mwenzake alikuwa anaweka nyundo chini kwanza. Nyinyi mna haraka ya kwenda wapi?

Shangazi_wa_Logi

Nimekuwa testa miaka kumi na moja, kwa hiyo nauliza la kwangu. Mtu aliyekaa na wewe dakika tisini na kuona "yote sawa" hakatai kesho yake bila sababu. Aliona nini?

Jasho_Jembamba

Hakuona kitu cha maana. Kuna mara moja tu oda ilifanya mambo yasiyoeleweka. Tulirudia mara sita haikutokea tena. Kitu kisichorudiwa huwezi kukirekebisha, au siyo? Tulikuwa kwenye mazingira ya majaribio, na kiasi kilikuwa shilingi 1.

Shangazi_wa_Logi

"Mambo yasiyoeleweka" ni yapi? Eleza kama unavyomweleza askari wa trafiki.

MamaChapo_Kawangware

Samahani nimeingilia, lakini ya kulipa kwa simu nayajua kuliko nyinyi nyote. Nauza chapati na madondo. Mwezi jana kijana fulani alilipa 80 kupitia programu fulani, ikamwambia jaribu tena, akalipa tena. Akanijia na jumbe mbili, kila moja na nambari yake ya uthibitisho. Mimi kwenye simu yangu ninaona oda moja. Tukabishana hadi chapati zikaungua. Mwishowe nikamrudishia 80 kutoka mfukoni mwangu kwa sababu ni jirani. Je, programu yenu ndiyo hiyo?

Jasho_Jembamba

Hapana mama, yetu haijatoka bado.

Lakini ndiyo, ni kitu kama hicho. Alitoka na simu hadi kwenye ngazi za chini ambako mtandao ni hafifu. Oda ikaonyesha imelipwa mara moja tu, lakini simu yake ikapata jumbe mbili. Shilingi mbili badala ya moja. Ndiyo maana nasema si kitu, ni mtandao wa ngazini.

Kiroboto254

Mtandao wa ngazini unatoza watu. Maze.

Batani_Moja

Aa, hiyo ni rahisi. Mtu akibonyeza Lipa, zima batani. Hawezi kubonyeza mara mbili. Mstari mmoja wa msimbo, uzi umeisha.

Jasho_Jembamba

Batani ninaizima tayari. Inarudi baada ya sekunde 30 ikiwa sijapata jibu, kwa sababu meneja alisema mteja asikwame kwenye skrini.

Mwenye_Shaka

Sasa hapa mimi naona tunatungiwa. Nimefanya kazi na Daraja, API ya M-Pesa. Ombi la kwanza likiwa bado hai kwenye laini, ukituma la pili unapata 1001, kwamba laini ile ina muamala unaoendelea. Huwezi kupata maombi mawili kwa simu moja kwa pamoja. Huyu amesoma mahali kuhusu malipo maradufu akaja kututafutia kelele. Testa mkali, meneja wa kesho saa nne, ngazi zenye giza. Imekamilika mno.

Mzee_wa_Eastleigh

Nilihisi. Njia ya mwongo ni fupi.

Jasho_Jembamba

Ningetunga kitu kinachoniaibisha hivi? Logi hii hapa, nimebadilisha nambari ya oda tu.

```
14:06:11 order 118 attempt 1 ResponseCode 0
14:06:41 order 118 button re-enabled
14:06:52 order 118 attempt 2 ResponseCode 0
14:07:05 callback ResultCode 0 no matching order
14:07:19 callback ResultCode 0 order 118 PAID
```

Shangazi_wa_Logi

Mwenye_Shaka, kuhusu 1001 uko sahihi, na ndiyo sababu hawakuweza kuirudia. Mara zile sita walibonyeza tena huku ombi la kwanza lingali kwenye simu, likakataliwa. Lakini kufuli hilo linakaa muamala unapoendelea tu. Mteja akishaingiza PIN na pesa ikatoka, laini iko huru, hata kama jibu halijafika kwenye seva yenu. Dirisha ni hapo katikati.

Jasho, soma mstari wa nne tena. `no matching order`. Pesa imelipwa na seva yako haimjui mwenyewe. Unahifadhi wapi `CheckoutRequestID`? Na ujumbe wa kwanza wa testa unaonyesha saa ngapi?

Jasho_Jembamba

Ujumbe unasema 2:06 PM. Kuhifadhi ni hivi:

```
UPDATE orders SET checkout_request_id = $1 WHERE id = $2;
```

Shangazi_wa_Logi

Basi umeona. Jaribio la pili linafuta kitambulisho cha la kwanza. Jibu la kwanza linapofika limechelewa, linatafuta oda yake, halimpati mtu, linatupwa. Mtandao wa ngazini ulichelewesha mambo tu. Aliyepoteza shilingi ni huo mstari wako.

Na `ResponseCode` 0 isikupumbaze. Hiyo inasema ombi limepokelewa, haisemi mtu amelipa. Malipo unayajua kwa `ResultCode` inayorudi baadaye.

Weka jedwali tofauti la majaribio ya malipo, kila jaribio safu yake, oda moja iwe na majaribio mengi. Jibu lolote likija linampata mwenyewe. Likija la pili lililofaulu kwa oda iliyokwisha kulipwa, liwekewe alama ya kurudishiwa mteja, lisitupwe. Tena kabla batani haijarudi, iulize M-Pesa hali ya lile la kwanza kupitia `/mpesa/stkpushquery/v1/query`. Unaweza kujibiwa kwamba bado linashughulikiwa. Hapo usifungue batani, hata meneja akinuna.

Batani_Moja, kuzima batani kunasaidia kidogo. Mteja akifunga programu na kuifungua upya, batani inazaliwa upya nayo.

Batani_Moja

Sawa, hilo sikulifikiria. Lakini majaribio yanayojiendesha yangelikamata.

Shangazi_wa_Logi

Yangelikamata kama kuna aliyefikiria jibu kuchelewa. Aliyelifikiria ni yule aliyeshuka ngazi na simu.

Jasho, bado nina moja. Kwenye kikao kile, nani alikuwa anaandika?

Jasho_Jembamba

Nusu ya kwanza yeye, ya pili mimi.

Shangazi_wa_Logi

Saa nane na dakika sita ilikuwa nusu ipi?

Jasho_Jembamba

Ya pili.

Sawa. Sikuiandika. Tulikuwa tumebakiwa na dakika kumi, nikaona ni mara moja tu, nikaandika "mtandao hafifu: sawa". Yeye alisoma maandishi leo asubuhi ndipo akakataa. Na meneja nimeshamwambia tumemaliza kupima. Lakini mnielewe, ningeandika "malipo maradufu" bila kuweza kuyaonyesha, kesho yake ningeulizwa ushahidi.

MamaChapo_Kawangware

Ushahidi ulikuwa kwenye simu ya mwenzako, mwanangu. Jumbe mbili.

Mzee_wa_Eastleigh

Ndiyo maana nikasema nyundo chini.

Kiroboto254

Mzee, dakika chache zilizopita ulisema ni mwongo.

Shangazi_wa_Logi

Usihangaike na ngazi tena, huwezi kuupangia mtandao. Chelewesha jibu wewe mwenyewe, ndani ya kipokea majibu chako, sehemu ya kwanza kabisa:

```
await sleep(45000)
```

Ingiza PIN mapema, ngoja batani irudi kwenye sekunde ya 30, bonyeza tena, ingiza PIN tena. Kisha hesabu jumbe za simu na safu za jedwali. Zikitofautiana una ushahidi wa kumpa yeyote.

Kisichoonekana kwenye logi hii ni kwa nini jibu lilichukua sekunde 54. Pengine njiani, pengine seva yenu ilikuwa na foleni. Usimwambie meneja umelijua hilo.

Jasho_Jembamba, Ijumaa saa 12:40 asubuhi

Sikulala. Nilifanya nyumbani kwa laini yangu, saa saba usiku. Mara tatu, na mara tatu jumbe mbili, oda moja. Nimeondoa ule mstari wa kuchelewesha, nimeanza jedwali la majaribio, halijaisha.

Nimerudisha maandishi ya kikao kama yalivyopaswa kuwa na kuyatuma kwa testa. Amejibu maneno manne: "Saa mbili, njoo mapema." Sijui kama amekasirika. Meneja bado sijamwambia, na hapo ndipo bado nataka ushauri: niseme "tumegundua jambo jipya" au niseme nililiona Jumatano?

Batani_Moja

Jambo jipya. Usijichome.

MamaChapo_Kawangware

Na testa atakuwa ameketi hapohapo akikusikiliza?

Mwenye_Shaka

Bado nadhani nusu ya uzi huu umeitia chumvi. Lakini nimefungua msimbo wetu wa malipo hapa kazini, kitambulisho kiko ndani ya jedwali la oda, na kila jaribio jipya linaandika juu ya la zamani. Shangazi, uko hapo?