Mrejesho: nilipunguza bei ya taa, mchele nikauacha

Swali langu lilikuwa: "Nina duka Kirumba, Mwanza. Nauza mchele, tochi na taa za sola za wavuvi wa dagaa. Nataka kupunguza bei kwa asilimia 10 nivute wateja. Nianze na mchele, maana ndio unaotoka sana?"

Wakuu, nimerudi. Asanteni sana, hasa aliyesisitiza nitoe kwenye bei kila gharama inayoongezeka kwa kila kitu ninachouza, kodi ya fremu niiweke pembeni kwanza. Mchele nauza 2,800 kwa kilo; kununua, usafiri na mfuko ni 2,550. Zinabaki 250. Punguzo lingekula 280, yaani hasara ya 30 kila kilo, na kadiri ningeuza zaidi ndivyo ningeumia zaidi. Nilishtuka kwa kweli.

Taa nauza 30,000, gharama zake 20,000. Nikiishusha hadi 27,000, inabakiza 7,000 badala ya 10,000. Nilikuwa nauza 20 kwa mwezi, kwa hiyo ilibidi zifike 29 ili nisirudi nyuma. Zimetoka 34: nimepata 238,000 badala ya 200,000.

Pale nilipokwama ni kwenye tochi. Zimeshuka kutoka 12 hadi 6, maana wateja walewale walihamia kwenye taa. Kila tochi hunibakizia 4,000, hivyo 24,000 zimeondoka na ongezeko halisi ni 14,000 tu. Pia pimeni mwezi mzima: usiku wa giza wavuvi hununua taa hata bila punguzo, mbalamwezi ikiwaka mauzo hulala.