Chai ya kusafisha mwili: nimepungua kilo, lakini miguu inakaza

Mwanambagala: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Nilinunua Kariakoo chai ya siku 14 inayosemwa kuwa inaondoa sumu mwilini. Ninakunywa kikombe kimoja kila usiku, na alfajiri ninaharisha mara 4 au 5. Kwa siku 5 nimeshuka kutoka kilo 78 hadi 75.6, ila misuli ya miguu inakaza, mkojo ni mchache na umekolea, na nikiinuka ninapata kizunguzungu. Muuzaji anasema hiyo ni sumu inayotoka. Je, nimalize siku 9 zilizobaki?

Kijana wa Temeke: Dada, hapo umepungukiwa maji tu, na joto hili la Dar linazidisha. Kunywa lita 3 kwa siku, kisha umalize dozi yako.

Mfamasia Mstaafu: Usimalize. Geuza pakiti usome viambato.

Mwanambagala: Cha kwanza ni Senna alexandrina.

Mfamasia Mstaafu: Hiyo ni sanamaki, dawa ya kuendesha tumbo. Huamsha utumbo mpana baada ya saa 6 hadi 12, ndiyo maana unakunywa usiku na kukimbilia chooni alfajiri. Kufikia huko, chakula kimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo mafuta ya mwili hayakuguswa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kilo zako 2.4 kwa sehemu kubwa ni maji na kinyesi.

Kijana amesema kweli nusu, kwa sababu kuharisha huondoa pia chumvi na potasiamu, ambazo maji matupu hayarudishi. Changanya pakiti moja ya ORS kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, unywe kidogo kidogo. Moyo ukidunda ovyo, ukizimia au mkojo ukikatika, nenda hospitali usiku huohuo.

Na mwulize muuzaji hiyo sumu inaitwaje. Figo zako huchuja takriban lita 180 kila siku bila chai yoyote, na ini nalo halingoji kikombe cha usiku.

Bi Mkubwa wa Ilala: Mimi ninatumia sanamaki mwaka wa pili, na bila hiyo sipati choo. Ina maana nimejidhuru?

Mfamasia Mstaafu: Shikamoo, Bi Mkubwa. Kwa kufunga choo sanamaki ni dawa halali, lakini haipaswi kuzidi wiki moja bila ushauri wa daktari. Miaka miwili inahitaji uchunguzi, na hapa siwezi kusema zaidi.

Mwanambagala: Nimerudi baada ya siku 3. Niliacha, nikanywa ORS, miguu imetulia, na mizani inasoma 77.7. Lakini mama yangu anakunywa chai hiyohiyo, naye anatumia vidonge vya presha vinavyomkojoza sana.

Mfamasia Mstaafu: Vidonge vya aina hiyo vingi hupunguza potasiamu, na sanamaki huongeza upungufu huo, hali inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo. Aache chai leo, asiache vidonge, na kesho apimwe potasiamu kwenye damu.

Mwanambagala: Vidonge amekubali kuendelea navyo. Chai bado ameificha chumbani, anasema inampa wepesi.