Naomba ushauri: nguvu zimepanda, kano ya goti inauma

Habari zenu wakuu. Nina miaka 34, natumia kreatini gramu 5 kwa siku, huu mwezi wa tatu. Skwati imetoka kilo 80 hadi 110. Misuli haina shida, ila chini tu ya pia ya goti la kulia pana sehemu ndogo, ya kidole kimoja, nikibonyeza inauma. Asubuhi nikishuka ngazi goti limekaza, nikitembea kidogo linaachia. Kesho yake baada ya skwati nzito yanarudi yale yale.

Ninavyoelewa, kreatini yenyewe haiharibu kano. Inaupa msuli nguvu ya kuongeza kilo haraka, na kano, ambayo hujijenga polepole kwa miezi, inaachwa nyuma. Kwa hiyo nimerudi kilo 80, nashuka kwa sekunde 3. Siku moja moja nakaa kwenye mashine ya kunyoosha goti, nashikilia uzito bila kusogea sekunde 45, mara 5. Maumivu yameshuka kutoka 6 hadi 3 kwa 10.

Mliopitia hili, kreatini mliiacha au mliendelea? Na mliongeza kilo ngapi kwa wiki bila goti kukaza asubuhi?