Mawigi matatu, bajeti moja: picha ipi inasema ukweli?

Rehema_Tabata

Habari zenu wapendwa. Natafuta wigi la kuvaa kazini. Ofisi iko Posta na napanda mwendokasi asubuhi na jioni, kwa hiyo sitaki kitu cha kunikalisha kwenye kioo saa nzima. Bajeti yangu mwisho 350,000. Nimebakiza wauzaji watatu wa mtandaoni, wote wa hapa hapa Dar. Siwataji, sijaja kumharibia mtu biashara.

Wa kwanza ana la kunyooka, inchi 22, anauza 320,000. Ameandika nywele za binadamu tupu, gramu 170. Picha zake ni hatari, dada amevaa na mgongo wote umefunikwa, uso hauna hata kipele.

Wa pili ana la kujikunja, inchi 18, gramu 220, anauza 340,000. Picha kapigia mlangoni mchana, wigi limelazwa juu ya kitenge na futi ya fundi cherehani imewekwa pembeni. Kageuza na ndani tuone mshono. Kusema ukweli picha zenyewe hazivutii.

Wa tatu ni mchanganyiko, inchi 20, 130,000. Maelezo hana zaidi ya "dia karibu inboksi".

Ninachotaka ni nywele zifike kwenye mkanda wa sidiria mgongoni. Kwa akili ya haraka ningeenda na la 22, ndefu zaidi na bei nafuu kuliko la 18. Mnasemaje?

Zai_mcheshi

Shoga chukua la 22, ukichoka unakata. Fupi halirefuki.

Ila kabla hujalipa mwambie akuchomee nywele moja kwenye video. Ikinuka kama manyoya ya kuku na ikawa majivu, hiyo ni ya binadamu. Ikiyeyuka ikawa kidonge kigumu, plastiki. Hapo mjadala umeisha.

FundiSaluni_Sinza

Dada Zai, video haina harufu 😂 Ila kipimo chenyewe ni cha kweli, majivu yanayosagika ni nywele, kidonge kigumu ni nailoni. Tatizo ni kwamba kinajibu swali moja tu. Kwenye mchanganyiko muuzaji akichomoa unywele wa binadamu akauchoma, utapita. Inabidi uchomoe sehemu tatu nne tofauti, na mtandaoni anayechagua ni yeye.

Halafu kuna nywele za binadamu kabisa ambazo zimeogeshwa dawa kali kiwandani, lile gamba la juu likatoka, kisha zikapakwa silikoni zing'ae. Ukizichoma zinapita vizuri tu. Ukizifua mara mbili tatu, silikoni inaondoka na maji, kisogoni zinaanza kufungana mafundo, na hapo ndipo mteja anakuja kwangu analia.

Rehema, turudi kwenye swali lako la inchi, maana hapo ndipo watu wengi wa mjini hapa wanapoliwa hela.

Nywele za kujikunja hupimwa zikiwa zimevutwa. Hilo la inchi 18 ukiliachia linaweza kukaa kama 15 au 14, na mkunjo ukiwa mdogo mdogo linapanda zaidi ya hapo. Sio wizi, ndivyo zinavyopimwa kote. La kunyooka la 22 linakaa 22. Kwa hiyo usiziweke hizo namba mbili mstari mmoja.

Sasa angalia uzito. La kwanza gramu 170 zimetandazwa kwenye inchi 22. La pili gramu 220 kwenye inchi 18. Kofia na leisi zina uzito wake pia, lakini hata ukitoa huo, la kwanza lina nyuzi chache sana. Urefu unakula uzito. Ndiyo maana hata kwenye vifurushi vya kushonea, gramu 100 za inchi 12 zinajaza kichwa kuliko gramu 100 za inchi 24. Nina wasiwasi hilo la 22 juu limejaa kidogo, halafu kuanzia inchi ya 17 kushuka ni nyuzi za kuhesabika. Kwenye picha iliyopigwa kwa mbele huwezi kuona hilo.

Rehema_Tabata

Dada fundi, mbona kwenye picha mgongo umefunikwa wote?

FundiSaluni_Sinza

Tazama vitu vilivyo nyuma ya huyo dada. Kama kuna fremu ya mlango au mistari ya vigae na imepinda karibu na kiuno au karibu na nywele, picha imevutwa. Pili, vuta picha uikuze kwenye nchani. Nywele za kweli, hata kwa simu ya kawaida, utaona nyuzi moja moja zimejitenga, nyingine zimekaa ovyo. Filta ikipita zinaungana zinakuwa kama rangi ya ukutani. Tatu, mstari wa leisi kwenye paji la uso. Filta inayofuta vipele inafuta na leisi.

Mwombe picha ya ncha zikiwa juu ya karatasi nyeupe. Karatasi ikionekana katikati ya nywele, umeshajua.

Mzee_wa_Ubungo

Mimi mke wangu ananunua haya mawigi kila mwezi mpaka najiuliza kama tunajenga au tunasuka. Hivi hakuna la kudumu hata miaka mitano? Tena kitanda kizima kimejaa nywele.

Zai_mcheshi

Kaka hapa tunalinganisha mawigi, sio ndoa 😂

FundiSaluni_Sinza

Miaka mitano hapana kaka, la kila siku hata liwe zuri vipi. Kama zinamwagika mpaka kitandani, mwambie shemeji asilale nalo, na aangalie mishono ya ndani. Mara nyingi mstari haukushonwa mara mbili.

Bosi_wa_Mawigi

Nichangie kama muuzaji, ingawa mtanirushia mawe. Mimi naongeza mwanga kwenye picha zangu na sitaacha. Wigi jeusi ukilipiga ndani ya duka Kariakoo, taa ya juu moja, linatoka donge jeusi, mteja haoni wimbi wala mkunjo. Kuongeza mwanga sio kudanganya. Kubadilisha urefu na kufuta leisi, hapo sawa, huo ni uongo.

Na wateja nao tuwaseme. Nikiweka picha ya wigi limening'inia kwenye henga, watu watatu wanaitazama. Nikimvalisha mdada aliyepaka mekapu, simu inaita mpaka usiku. Huyo wa pili wa kitenge na futi namheshimu, lakini sijui anauza mangapi.

FundiSaluni_Sinza

Bosi, mwanga sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba picha zote huwa za wigi jipya, limetoka kwenye pakiti na limepigwa pasi. Weka na moja baada ya kufua, limekauka kwa hewa, hujapaka mafuta wala hujapitisha pasi. Hapo mtu anaona tabia yake halisi. Mengi ya kunyooka yamenyooshwa kwa pasi tu. Ukiyafua, au ukikaa nayo kwenye jasho la mwezi wa pili hapa Dar, yanafumuka yanaonyesha wimbi lake la asili. Sio ubaya, ila mteja ajue.

Bosi_wa_Mawigi

Nifue wigi jipya halafu nimuuzie nani? Ataniambia limetumika.

FundiSaluni_Sinza

Fua moja la maonyesho kwa kila mzigo. Wapo wanaofanya hivyo.

Mama_Nuru_Mbagala

Mimi yangu ilikuwa nzuri na muuzaji hakunidanganya, ila ndani ya miezi michache ikawa ngumu kama ufagio. Kumbe ni maji ya kisima chetu, yana chumvi mpaka sabuni haitoi povu. Sasa mimi swali langu, hata haya ya kujikunja yatavumilia maji ya chumvi? Maana mkombozi wangu ndiyo kisima.

FundiSaluni_Sinza

Ya kujikunja yatateseka zaidi, mama. Yanakauka haraka kuliko yaliyonyooka. Osha kwa hicho kisima kama huna jinsi, lakini suuza ya mwisho tumia maji ya mvua au ya kununua, lita tatu nne zinatosha. Kondishena paka kuanzia katikati kushuka chini, usipeleke kwenye leisi, vifundo vinalegea na nywele zinatoka. Usisugue kama unafua shuka. Likunje kwenye taulo, likamue taratibu, litundike kivulini.

Na Rehema, hili linakuhusu na wewe. La kujikunja halichanwi kavu. Asubuhi unalirushia maji yenye kondishena kidogo kwenye chupa ya kupuliza, unapitisha vidole kuanzia nchani kupanda juu. Dakika tano. La kunyooka unachana unaondoka, lakini kisogoni litafungana kwa kusuguana na kola na mkoba kwenye mwendokasi. Hakuna lisilo na kazi.

Zai_mcheshi

Na la tatu la 130,000? Mbona mmelisahau, wengine ndiyo saizi yetu.

FundiSaluni_Sinza

La harusi moja na picha, sawa. La kila siku hapana. Nywele na nailoni hazizeeki pamoja. Ukipitisha pasi ya moto wa kawaida, nailoni inasinyaa na nywele zimebaki vile vile, unapata vichaka. Zipo nailoni zinazovumilia mpaka nyuzi joto 180, lakini mtu anayejibu "karibu inboksi" hawezi kukwambia yake ni ipi.

Rehema_Tabata

Nimerudi. Niliwaandikia wote wawili jana nikiomba vitu vilevile: ncha juu ya karatasi nyeupe, video ya mchana anapitisha vidole, na urefu likiwa limeachiwa.

Wa pili kajibu usiku uleule. Likivutwa inchi 18, likiachiwa 14. Ncha zimejaa, karatasi haionekani. Katuma na picha ya lililofuliwa, limefumuka kidogo lakini mkunjo upo. Tatizo ni kwamba 14 kwangu inaishia chini ya bega kidogo tu, haifiki kwenye sidiria hata kidogo. Na la inchi 22 la aina hiyo anauza 430,000.

Wa kwanza kaniambia "dia njoo dukani ujionee". Hakutuma picha.

Zai_mcheshi

Basi mkweli ana fupi, mwenye refu hasemi.

FundiSaluni_Sinza

Nenda dukani, si amekuita? Karatasi beba mwenyewe. Kama kuanzia inchi ya 18 ndiyo zinakonda, zikikatwa hapo unabaki na 18 ya kunyooka iliyojaa nchani, na hiyo ndiyo inafika unapopataka. Lakini hapo usilipe 320,000, unalipia inchi nne zinazoenda kwenye kapu la taka. Halafu shika unywele mmoja, vuta vidole kutoka nchani kwenda juu. Ukihisi unakwaruza kidogo, gamba lipo. Ukiteleza pande zote mbili sawasawa kama uzi wa mshipi, mwachie wigi lake.

Bosi_wa_Mawigi

Atakubali umshikie unywele mmoja mmoja Jumamosi Kariakoo? Nenda katikati ya wiki.

Rehema_Tabata

Jumatano naomba ruhusa ya mchana. Dada fundi, akikataa kushusha bei, nimuulize yule wa pili kama ana la mawimbi makubwa inchi 18? Hayo nayo yanapanda sana yakiachiwa?

FundiSaluni_Sinza

Yanapanda inchi moja, labda mbili. Muulize na gramu.